Kitanzi kinaisha, lakini kimeishia pale panapotakiwa? Jibu la mkono limenikwamisha

KalamuNyekundu

Wakuu habari za saa hizi. Nina karatasi moja mezani imenishika tangu jana jioni, nimesahihisha nyingine zote nikaiacha hii kando.

Swali lilikuwa hivi: andika msimbo bandia unaopokea namba nzima chanya kisha utoe jumla ya tarakimu zake, kwa mfano 347 itoe 14. Lina alama 6, na 2 kati ya hizo ni za "kitanzi kinaisha sawasawa". Jibu la kwenye mwongozo wa usahihishaji linatumia `WAKATI n > 0`.

Mtahiniwa ameandika hivi. Nimenakili kama ilivyo, hadi nafasi za mwanzo wa mistari:

```
SOMA n
jumla = 0
WAKATI n > 9
    jumla = jumla + n MOD 10
    n = n DIV 10
  jumla = jumla + n
ANDIKA jumla
```

Hakuna neno la kufunga kitanzi. Na huo mstari wa sita kweli umekaa hivyo, haumo ndani kabisa wala hauko nje kabisa. Mwenzangu tunayesahihisha naye ameutazama nusu dakika akasema sharti si la mwongozo, mpe sifuri kwenye zile 2. Mimi moyo unasita. Nyie mngefanyaje?

haraka_si_zote

Mkuu hapo mbona kosa liko wazi. `n > 9` maana yake n ikifika tarakimu moja kitanzi kinasimama. Kwenye 347 utachukua 7, utachukua 4, halafu n inakuwa 3 na unatoka. Ile 3 imebaki nje. Jumla 11. Kitanzi kimekatika mapema mzunguko mmoja, na hilo ndilo kosa ambalo zile alama 2 zimewekwa kulikamata. Sifuri.

Bi_Jedwali

Mwalimu KalamuNyekundu, umefanya vizuri kusita. Na ndugu haraka, umesema kweli hadi pale n inapokuwa 3. Tatizo ni kwamba umeacha kusoma mstari mmoja kabla ya mwisho.

Nimesahihisha haya maswali miaka mingi, na nikikutana na sharti lisilofanana na la mwongozo huwa sianzii juu. Naenda kwanza kwenye mlango wa kutokea. Najiuliza: kitanzi kikishasimama, n inaweza kuwa nini? Sharti ni `n > 9`, kwa hiyo ukitoka, n ni 9 au pungufu, yaani imebaki tarakimu moja mkononi ambayo haijajumlishwa. Hilo peke yake halijawa kosa, ni deni tu. Swali linalofuata ni nani analilipa. Mwongozo wenu unalilipa ndani, kwa mzunguko mmoja zaidi. Mtahiniwa huyu anaonekana kulilipa nje, kwa `jumla = jumla + n`. Kama huo mstari kweli uko nje, basi amefunga hesabu yake, tena kwa njia safi.

Sasa fuatilia kwa penseli. Na tafadhali, kwenye jedwali la kufuatilia weka safu ya sharti, uijaze kila mara sharti linapoulizwa, hata lile la mwisho linalojibiwa hapana. Wengi wanaandika mizunguko iliyofanyika tu, wanauacha ule ukaguzi wa mwisho, na ukaguzi wa mwisho ndio unaokuonyesha kitanzi kimeishia wapi.

Mstari wa sita ukihesabiwa kuwa nje:

```
n      jumla    n > 9?
347    0        ndiyo
34     7        ndiyo
3      11       hapana
```

Umetoka ukiwa na 3 na 11. Mstari wa nje unajumlisha, 14. Sahihi.

Mstari huohuo ukihesabiwa kuwa ndani, kila mzunguko unaongeza pia n iliyobaki:

```
n      jumla    n > 9?
347    0        ndiyo
34     41       ndiyo
3      48       hapana
```

Mzunguko wa kwanza 0 na 7 ni 7, n inakuwa 34, kisha 7 na 34 ni 41. Wa pili 41 na 4 ni 45, n inakuwa 3, kisha 48. Inaandikwa 48.

Kwa hiyo mzozo wako hauko kwenye `n > 9` hata kidogo. Uko kwenye nafasi ya kidole kimoja mwanzoni mwa mstari wa sita.

KalamuNyekundu

Bi Jedwali ahsante sana, jana nilikuwa nazunguka palepale. Nimejaribu na namba nyingine mbili. Ya kwanza 5: kitanzi hakiingiwi kabisa, mstari uko nje inatoka 5, mstari uko ndani inatoka 0. Ya pili 10: 10 ni kubwa kuliko 9 kwa hiyo unaingia, unajumlisha 0, n inakuwa 1, unatoka, unaongeza 1, jibu 1. Kwa usomaji wa ndani nayo inatoa 1! Hapo nilishtuka kidogo, maana kama ningejaribu 10 peke yake nisingeona tofauti yoyote.

Bi_Jedwali

Ndiyo maana huwa naziteua. Moja iwe ndogo kiasi kwamba kitanzi hakiingiwi hata mara moja. Moja iwe palepale kwenye mpaka wa sharti, hapa ni 9 au 10. Na moja ya kawaida yenye tarakimu tofauti zote, isiwe na sifuri. 347 ni nzuri kwa sababu moja kati ya 3, 4 na 7 ikidondoka utajua ni ipi iliyodondoka. Ukijaribu 333 hutajua umepoteza ya mwanzo au ya mwisho. Ukijaribu 300, jibu linalodondosha tarakimu ya katikati au ya mwisho bado litakupa 3 na utampa mtu alama za bure.

haraka_si_zote

Nimekubali, ule mstari sikuufikia. Nirudishe kidogo nilipokosea.

Lakini nina hoja nyingine. Kuna haja gani ya kuchora majedwali kwa kila karatasi? Mimi naangalia kitu kimoja: ndani ya kitanzi kuna kitu kinachopunguza n? Kama kipo na sharti linategemea n, kitanzi lazima kiishe. Kama hakipo, hakiishi. Sekunde tano.

Bi_Jedwali

Ukaguzi huo ni mzuri wa kuanzia, mimi pia naufanya. Unamkamata yule aliyesahau `n = n DIV 10` kabisa, na wapo wengi. Ila kupungua hakutoshi. Inabidi ipungue kwa namna itakayolifikia sharti.

Chukua anayehesabu kushuka, anaanza 7, anaondoa 2 kila mzunguko, na sharti lake ni `WAKATI n <> 0`. Anapita 5, 3, 1, kisha -1. Amelivuka sifuri bila kulikanyaga, na anaendelea kushuka. Sekunde zako tano zitampa alama zote. Na ukimjaribu kwa 8 nako inaisha vizuri, utaapa jibu ni sahihi.

Kwenye swali hili la tarakimu lipo kosa la aina hiyo linalotokea sana: mtahiniwa anaandika `n = n / 10` badala ya `n = n DIV 10`. Sharti ni `n > 0`. 347 inakuwa 34.7, inakuwa 3.47, inakuwa 0.347, inakuwa 0.0347. Inapungua kila mara, na kila mara bado ni kubwa kuliko sifuri.

fundi_msimbo

Bi Jedwali naomba nikupinge kwa heshima. Hiyo ya mkwaju, yaani `n / 10`, nimeiandika sasa hivi kwenye Paithoni, na imeisha.

```
n = 347
jumla = 0
while n > 0:
    jumla = jumla + n % 10
    n = n / 10
print(jumla)
```

Imenichapia 15.555 na tano nyingi nyuma yake. Jibu si 14, sawa, lakini kitanzi kimeisha, tena papo hapo. Kwa hiyo zile alama za "kinaisha" anastahili.

Bi_Jedwali

Umeona kweli, kaka, na ni vizuri umeijaribu. Ila angalia kwa nini imeisha. Kompyuta haiwezi kutunza desimali ndogo kupita kiasi. Ukigawa kwa 10 zaidi ya mara 320, namba inakuwa ndogo kuliko ile ndogo kabisa inayoweza kuandikwa kwenye nafasi yake, ambayo ni kama 5 iliyotanguliwa na sifuri 323 baada ya nukta. Inakosa pa kukaa na inageuzwa kuwa sifuri kamili. Ndipo `n > 0` inakuwa si kweli. Ongeza kihesabio cha mizunguko kwenye msimbo wako uone.

Kwa hiyo kilichokimaliza kitanzi ni ufinyu wa mashine, mtahiniwa hakukimaliza yeye. Kwenye karatasi hakuna ufinyu huo. Hakuna mtahini atakayechora mistari 320, na hata akichora, kwenye hesabu ya kawaida bado atakuwa juu ya sifuri.

Na hiyo 15.555 nayo inaeleza kitu. 347 baki kwa 10 ni 7. 34.7 baki kwa 10 ni 4.7, siyo 4. Baada ya hapo inaingia 3.47, halafu 0.347, halafu 0.0347, mikia yote inajumlishwa. Ukijumlisha 7 na 4.7 na hizo nyingine zote ndipo unapata 15.555. Kosa la kuisha na kosa la jibu vyanzo vyake ni kimoja: n imeacha kuwa namba nzima mzunguko wa kwanza tu.

fundi_msimbo

Nimeweka kihesabio, kweli ni mia tatu ishirini na kitu. Sikutegemea. Mimi nilidhani ingezunguka mara tatu au nne.

chaki_na_vumbi

Naomba nitofautiane na wote wawili. Mtahiniwa wa msimbo bandia hajafungwa na lugha yoyote. Kama juu ameandika "n ni namba nzima", mimi naisoma `n / 10` kama kugawa kwa namba nzima na nampa. Ziko lugha za programu ambazo namba nzima mbili zikigawanywa kwa mkwaju jibu linabaki namba nzima, C mojawapo. Mtu aliyefundishwa hivyo ataandika mkwaju bila wasiwasi, na yuko sahihi kwa alivyofundishwa.

Bi_Jedwali

Mwalimu chaki, akiwa ametangaza kuwa n ni namba nzima nakubaliana nawe. Asipotangaza mimi simpi, kwa sababu ametumia `MOD` mstari mmoja juu na anajua `DIV` ipo. Lakini nimeona watahini wazuri wakikaa upande wako. Kikubwa mkubaliane kabla hamjaanza, karatasi ya kwanza na ya mwisho zipimwe kwa kipimo kimoja.

chaki_na_vumbi

Hapo kwenye kukubaliana mapema tuko pamoja. Kwenye mengine bado nashikilia langu, kosa la alama moja ya kugawa lisimle mtu alama 2 za kitanzi. Akatwe moja.

sipendi_kona

Jamani nauliza, kwani hakuna programu ya kuingiza jibu la mtu halafu ikakwambia kitanzi hiki kinaisha au hakiishi? Mngeepuka penseli zote hizi.

fundi_msimbo

Ya kufanya hivyo kwa msimbo wowote utakaopewa haiwezekani kuwepo, Alan Turing alishaonyesha hilo mwaka 1936. Kwa vitanzi vidogo kama hivi kompyuta inaweza kusaidia, ila hapa kikwazo ni kingine kabisa. Ukiuchapa mstari wa sita wa KalamuNyekundu itabidi uamue mwenyewe unaanza ndani au nje. Yaani kabla kompyuta haijaanza kazi, wewe umeshampa au kumnyima alama.

niliyefeli_nusu

Samahani wakubwa, mimi si mwalimu, ni mtahiniwa, nimeona uzi nikaona niulize langu. Kwenye mtihani wetu wa majaribio tuliambiwa tusome namba hadi iingizwe -1 kisha tutoe wastani. Niliandika hivi:

```
jumla = 0
idadi = 0
RUDIA
    SOMA x
    jumla = jumla + x
    idadi = idadi + 1
MPAKA x = -1
ANDIKA jumla / idadi
```

Nimekatwa alama kwenye kitanzi. Mimi naona kinaisha vizuri kabisa, ukiingiza -1 kinasimama. Kosa liko wapi? Nimekwenda kumuuliza mwalimu akasema nenda kafuatilie mwenyewe.

KalamuNyekundu

Mwanangu, fuatilia kwa namba tatu tu: 4, 6, -1. Jaza jedwali halafu utuletee mstari wa mwisho unasemaje.

niliyefeli_nusu

Nimefanya.

```
x     jumla   idadi   x = -1?
4     4       1       hapana
6     10      2       hapana
-1    9       3       ndiyo
```

Oh. Jumla imekuwa 9 na idadi 3, wastani 3. Ulitakiwa uwe 5. Ile -1 nimeijumlisha nayo.

Bi_Jedwali

Umeona mwenyewe, vizuri sana mwanangu. Kitanzi chako kinasimama kwa ishara iliyo sahihi, ila kinauliza swali baada ya kazi kufanyika. -1 ilikuja kama ishara tu, wewe ukaihesabu kama namba ya kawaida. Soma namba ya kwanza kabla ya kitanzi, utumie `WAKATI x <> -1`, na `SOMA x` nyingine iwe mstari wa mwisho ndani ya kitanzi. Halafu urudie jedwali lilelile, na ujaribu pia mtu akiingiza -1 mara ya kwanza tu. Hapo utakuta idadi ni 0 na unagawa kwa sifuri, kwa hiyo weka `KAMA` ya kulinda kabla ya kugawa.

Kama ningekuwa mimi ningekupa 1 kati ya 2, maana kusimama kinasimama. Lakini sijaona mwongozo wa mwalimu wako.

niliyefeli_nusu

Nashukuru sana mama. Nilipewa 0 kwenye hiyo sehemu, ila sasa naelewa kwa nini.

mchora_mishale

Nimesoma uzi wote, mmeongelea msimbo bandia tu. Kwa chati mtiririko mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kinachoamua ni mahali mshale wa kurudi ulipogota. Ngoja niwape niliyokutana nayo, swali lilikuwa la aina hiihii, jumla ya tarakimu.

Kuna kisanduku cha `SOMA n`, chini yake mstatili wa `jumla = 0`, chini yake almasi ya `n > 0?`, upande wa ndiyo mistatili miwili ya kujumlisha na kugawa kwa `DIV`, halafu mshale mrefu unapanda pembeni kurudi juu. Mtahiniwa aliupandisha kupita kiasi. Badala ya kuingia kwenye mstari ulio kati ya `jumla = 0` na almasi, umeingia juu ya mstatili wa `jumla = 0`.

Kila kitu kingine ni sahihi. Sasa fuatilia 347. Jumla 7, n 34, unarudi, jumla inafutwa kuwa 0. Jumla 4, n 3, unarudi, inafutwa. Jumla 3, n 0, unarudi, inafutwa kuwa 0, ukiuliza sharti unajibiwa hapana, unatoka na jumla 0.

Inatoa 0 kwa namba yoyote ile! Kitanzi kinaisha, tena kwa idadi kamili ya mizunguko, na hakijabeba kitu.

haraka_si_zote

Hapo mimi ningesema inatoa 3, tarakimu ya kwanza. Nimerudia mara mbili ndipo nikaona 0. Nilikuwa natoka mara tu n ilipokuwa 0 bila kupitia ule mstatili.

mchora_mishale

Ndiyo, hilo hata mimi lilinitokea mara ya kwanza. Macho yanaruka kutoka n = 0 hadi mlango wa kutokea. Lakini mshale unasema upite kwanza kwenye `jumla = 0`, kisha ndipo uulize. Siku hizi naweka ncha ya penseli juu ya mstari na siinyanyui. Inapopita ndipo napopita. Penseli ikigusa kisanduku, nakifanya, hata kama najua mtahiniwa hakukikusudia.

Na kama mshale ungepanda zaidi, ukaingia juu ya `SOMA n`, ungekuwa unaomba namba mpya kila mzunguko. Hapo kuisha kunategemea kama anayeingiza ataamua kuandika 0.

chaki_na_vumbi

Swali la kweli mkuu: ulimpa ngapi? Maana ni milimita chache za wino, mtoto yuko kwenye mtihani, mkono unatetemeka, anachora bila rula.

mchora_mishale

Ulikuwa umeingia waziwazi juu ya kisanduku, na kichwa cha mshale kimechorwa hapo. Nilimnyima za kuisha sawasawa, nikampa za sharti na za mwili wa kitanzi. Sikulala vizuri, nasema kweli. Lakini mwingine yeyote akiichukua ile chati na kuifuata atapata 0.

KalamuNyekundu

Nimerudi. Nimeacha kubishana na ule mstari mmoja nikatazama karatasi nzima.

Kwenye swali la 2 la mtahiniwa huyuhuyu kuna kitanzi kingine. Humo ndani mistari yake yote imeanza sawa, kama upana wa vidole viwili kutoka kwenye pambizo, hakuna hata mmoja uliojongea nusu. Na neno la kufunga kitanzi hakuliweka huko pia, kwa hiyo ni tabia yake, anategemea nafasi kuonyesha mwisho. Hiyo ikanifanya niamini kwamba mstari wa sita alikuwa anautoa nje, mkono haukurudi hadi ukingoni.

Halafu nikageuza ukurasa. Nyuma, pembeni kabisa, kuna namba zimeandikwa kwa wima: 7, 11, 14. Zimekatwa kwa mstari mmoja. Ni jedwali letu lilelile. Yeye mwenyewe alifuatilia, akapata 14, na huwezi kupata 7, 11, 14 kama mstari uko ndani, utapata 7, 41, 45, 48.

Nimempa zile 2.

mchora_mishale

Hapo mwalimu naomba nikuulize. Kazi iliyokatwa haisahihishwi, kwetu hiyo ni amri. Umetumia kitu alichokikata mwenyewe kumpa alama.

KalamuNyekundu

Sijazipa alama namba zilizokatwa, ndugu yangu. Nimezitumia kusoma mwandiko. Kama mtu ameandika tarakimu isiyosomeka, ikawa 1 au 7, si unatazama jinsi anavyoandika 7 kwingine?

mchora_mishale

Kwingine ambako hakukukatwa, ndiyo. Ungeishia kwenye swali la 2 ningekuunga mkono moja kwa moja. Hii ya nyuma ya ukurasa mimi ningeipeleka kwa kiongozi wa usahihishaji kwanza.

Bi_Jedwali

Mwalimu Kalamu, mimi ningefika kwenye 2 zilezile kwa ushahidi wa swali la 2 peke yake. Lakini mchora ana hoja, na kwa kuwa mwenzako ameshampa sifuri kwenye karatasi hiyohiyo, lazima itafika kwa kiongozi tu. Mwandikie kwa ufupi pembeni: mstari wa 6 umesomwa nje, kwa 347 inatoa 14, kwa 5 inatoa 5, linganisha nafasi na swali la 2. Atakayefuata ataweza kurudia ulichofanya bila kukuuliza.

KalamuNyekundu

Nimeandika hivyohivyo kwa penseli, na kiongozi nitamwona kesho asubuhi. Mwenzangu nimemwonyesha jedwali la 5, la 10 na la 347, amekaa nalo kimya muda mrefu kisha akaomba arudishiwe karatasi tatu alizokwisha kuzifunga, nazo zina `n > 9`. Moja ina mstari wa kujumlisha nje, iko wazi kabisa. Mbili hazina mstari huo popote, zinatoa 11, hizo zimebaki na sifuri zake.

Sasa ninayo chati mtiririko moja mkononi, mchora umenitia hofu. Mshale wa kurudi umegota kwenye kona ya mstatili wa `jumla = 0`, kona ya chini kulia hasa, palepale mstari wa kwenda kwenye almasi unapoanzia. Kichwa cha mshale hakipo. Nikiuingiza kwenye mstari, 347 inatoa 14. Nikiuingiza kwenye kisanduku inatoa 0. Nimetafuta chati nyingine kwenye karatasi yake, hakuchora. Kuna mtu amewahi kukutana na ya namna hii?

mchora_mishale

Kona ya chini? Kama ni ya chini mimi naisoma kuwa inaingia kwenye mstari, maana kisanduku huingiwa kwa juu, na vishale vyake vingine vyote nadhani vinaingia kwa juu. Vitazame hivyo kwanza, kila kimoja, uone kama kuna hata kimoja kilichoingia kisanduku kwa chini au kwa ubavuni.

KalamuNyekundu

Viwili vimeingia kwa ubavuni.